WHO ya mwaka gani? Kunukuu gaidilaini na rejista ya jaribio kwenye asaimenti ya uuguzi

Sentensi yenyewe niliiandika kwa Kiingereza, maana chuoni ndo tunavyoandika, ila kwa Kiswahili ilikuwa inasema hivi: WHO inapendekeza mama mwenye PPH, yaani anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua, apewe TXA, dawa ya kuzuia damu, ndani ya masaa matatu, na majaribio matatu makubwa yameonesha kuwa dawa hiyo inapunguza vifo. Mwisho wa sentensi nikabandika (WHO, 2012), nikaendelea na maisha. Mi niko leba mwaka wa nane, TXA naichoma, naijua, sikuona shida yoyote hapo.

Karatasi ikarudi na peni nyekundu sehemu tatu kwenye hiyo sentensi moja. Duara kwenye 2012, duara kwenye "majaribio matatu", duara kwenye "inapunguza vifo". Nikamfuata lekchara ofisini, nikamwambia mwalimu mbona hii ndo tunayofanya wodini kila siku? Akacheka. "Sista, sijasema unachofanya ni kibaya, nimesema ulichoandika hakipo kwenye hicho ulichokitaja." Basi tukakaa nayo kama nusu saa na nikatoka na kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amenieleza kabla. Nakieleza hapa kwa kufuata yale maduara matatu, maana karibu makosa yote ya kunukuu gaidilaini na rejista yanapita hapo.

Tuanze na 2012. Mwaka huo WHO walitoa kitabu chao cha mapendekezo ya kuzuia na kutibu PPH, na ndo pidiefu inayosambaa sana kwenye magrupu ya wanafunzi. TXA imo ndani, lakini imo kama dawa ya akiba: unaitumia pale oksitosini na wenzake wameshindwa kuzuia damu, au ukihisi damu inatoka kwenye mchaniko. Tena lenyewe limeandikwa kuwa ni pendekezo dhaifu. Habari ya masaa matatu haimo kabisa humo. Masaa matatu yamekuja 2017, WHO walipotoa waraka mwingine, mfupi, wa TXA peke yake, na huo ukachukua nafasi ya kile kipande cha 2012. Hapo ndo pendekezo likawa la nguvu: gramu 1 kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 10, mapema iwezekanavyo na isizidi masaa 3 tangu kujifungua, awe amejifungua kawaida au kwa upasuaji, na ni pamoja na huduma zingine, sio baada ya zingine kushindwa. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, au ikasimama halafu ikaanza tena ndani ya masaa 24, unarudia gramu nyingine.

Umeona sasa? Shirika ni lilelile, ugonjwa ni uleule, dawa ni ileile, na nyaraka mbili zinakuambia vitu viwili tofauti. Msomaji akifungua 2012 yangu atakuta nimeisingizia. Ndo maana kwenye gaidilaini mwaka unabeba uzito kuliko kwenye kitabu cha kawaida. Kitabu cha anatomia cha 2012 na cha 2017 moyo una vyumba vinne kotekote, ila gaidilaini ya 2012 na ya 2017 zinaweza kukufanya usogee au usisogee kwenye droo ya dawa.

Kwa mtindo wa APA, toleo la saba, ile ya 2017 inaandikwa hivi, na mwishoni unaongeza linki ya ukurasa ulikoishusha:

```
World Health Organization. (2017). WHO recommendation on tranexamic acid for the treatment of postpartum haemorrhage.
```

Angalia hakuna jina la mchapishaji mwishoni. Kwenye APA, mwandishi na mchapishaji wakiwa ni walewale hurudii. Mtindo wa Vankuva ndo unarudia, na mji unautaka, kwa hiyo huko utamalizia na "Geneva: World Health Organization; 2017." Ndani ya insha mara ya kwanza unaandika jina refu na kifupisho kwenye mabano ya mraba, yaani (World Health Organization [WHO], 2017), halafu kuanzia hapo ni (WHO, 2017) tu. Na kama umetumia nyaraka mbili za WHO za mwaka mmoja, weka 2017a na 2017b, kwenye maandishi na kwenye orodha vilevile, la sivyo hakuna atakayejua unaongelea ipi.

Kabla sijatoka kwenye duara la kwanza, kuna suala la nani hasa ametoa huo waraka, na hapa wengi tunateleza kwa sababu tunasoma mahali ulipohifadhiwa badala ya kusoma kava. Ukigugo gaidilaini za WHO mara nyingi gugo inakupeleka kwenye `NCBI Bookshelf`, ambayo ni maktaba ya mtandaoni ya Wamarekani, basi mtu anaandika NCBI kama mwandishi. NCBI wameiweka tu kwenye rafu. Ni sawa na kusema kanga imetengenezwa na muuza duka. Mwandishi ni yule aliye kwenye kava na kwenye ule ukurasa wa haki miliki, na kwenye nyaraka za WHO za miaka ya karibuni ukurasa huohuo una mstari wa `Suggested citation`. Huo mstari hauukopi kama ulivyo, maana wanaandika kwa mtindo wao, ila unakupa jina, kichwa na mwaka bila kubahatisha.

Kwa gaidilaini za nyumbani hilo la jina ndo gumu zaidi. Chukua ule mwongozo wa matibabu wa Tanzania Bara ambao wodini tunauita STG, toleo la sita ni la 2021. Wakati huo wizara ilikuwa bado inaitwa lile jina refu lenye afya, maendeleo ya jamii, jinsia, wazee na watoto. Mwanzoni mwa 2022 wizara ikagawanywa na sasa ni Wizara ya Afya tu. Ukinukuu toleo la 2021 unaandika jina lililokuwepo 2021, hata kama leo hakuna ofisi yenye jina hilo:

```
Ministry of Health, Community Development, Gender, Elderly and Children. (2021). Standard treatment guidelines and national essential medicines list: Tanzania mainland (6th ed.). United Republic of Tanzania.
```

Namba ya toleo inakaa kwenye mabano baada ya kichwa, kabla ya nukta. Ile `Tanzania mainland` usiikate kwa kuona ni mapambo, maana Zanzibar wana wizara yao ya afya na miongozo yao, na mtu wa Pemba akisoma insha yako anataka kujua kama unamwongelea yeye. Na kama kwenye insha moja una wizara ya Kenya na ya Uganda, zote kwa Kiingereza ni Ministry of Health, ongeza nchi kwenye jina, msomaji asije akadhani ni ofisi moja.

Haya, duara la pili, na hili ndo lililonitoa jasho la aibu.

Niliandika majaribio matatu kwa sababu nilikuwa na namba tatu za usajili, zile ambazo rejista inalipa jaribio likisajiliwa. Nilitafuta mitandaoni nikazikuta ISRCTN76912190, NCT00872469 na PACTR201007000192283, kila moja kwenye websaiti yake, moja ya Uingereza, moja ya Marekani, moja ya Afrika ambayo iko chini ya baraza la utafiti wa tiba la Afrika Kusini. Nikajisemea safi, ushahidi umeshiba. Mwalimu akanifungulia zote tatu kwenye skrini yake zikakaa pembeni kwa pembeni na kuniambia nisome jina la mdhamini. La kwanza, London School of Hygiene and Tropical Medicine. La pili, hivyohivyo. La tatu, akanyamaza akaniangalia.

Ni jaribio moja. Linaitwa WOMAN, la wanawake 20,060 kwenye hospitali 193 za nchi 21, Tanzania na Kenya zikiwemo, na liliandikisha kinamama kuanzia Machi 2010 hadi Aprili 2016. Jaribio la kimataifa linaweza kusajiliwa kwenye rejista zaidi ya moja, na kila rejista inatoa namba yake. Namba tatu, mtoto mmoja, vyeti vitatu vya kuzaliwa. Njia ya kujua ni kutafuta kwenye ukurasa wa rejista sehemu ya namba nyinginezo, kwenye `ClinicalTrials.gov` imeandikwa `Other Study ID Numbers`, na kama hapo hujaridhika fungua makala yenyewe usome mwisho wa muhtasari wake, majarida makubwa ya tiba yanaandika namba zote pale.

Sasa unanukuu ipi? Inategemea unataka kusema nini. Ukitaka kuonesha kuwa jaribio lilisajiliwa kabla halijaanza, tumia ile ya mwanzo kabisa, ambayo hapa ni ISRCTN, ilitolewa tarehe 8 Desemba 2008, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mama wa kwanza kuandikishwa. Tena ISRCTN kila rekodi ina DOI yake, kwa hiyo linki haifi. Ukitaka kuonesha historia ya mabadiliko, tumia ya `ClinicalTrials.gov` maana pale matoleo ya nyuma yote yanatunzwa. Chagua moja, hizo zingine usizipe mstari wake kwenye orodha, utamchanganya msomaji kama nilivyojichanganya mimi.

Refarensi ya rekodi ya rejista inakuwa hivi, na hizo sehemu za tarehe jaza unachokiona wewe kwenye skrini siku hiyo:

```
London School of Hygiene and Tropical Medicine. (YYYY, Month DD). World Maternal Antifibrinolytic Trial (ClinicalTrials.gov Identifier NCT00872469). ClinicalTrials.gov. Retrieved Month DD, YYYY, from https://clinicaltrials.gov/study/NCT00872469
```

Kila kipande kina kazi yake. Mwandishi ni mdhamini, sio websaiti, kwa sababu aliyeyaandika yale maelezo ni mwenye jaribio, na maktaba ya tiba ya Marekani inayoendesha ile rejista yenyewe imeandika wazi kuwa kuorodheshwa pale sio kwamba serikali imeukagua utafiti. Watu wanaandika "kwa mujibu wa ClinicalTrials.gov" kama vile ni mahakama, kumbe ni sawa na kusema kwa mujibu wa ubao wa matangazo. Tarehe ya kwanza, ile ya kwenye mabano, ni ya `Last Update Posted`, na usiichanganye na `First Posted` ambayo iko jirani yake na inatamanisha kwa kuwa iko juu. Tarehe ya pili ni siku uliyofungua wewe. Hiyo kwenye gaidilaini ya pidiefu haihitajiki maana pidiefu haijibadilishi usiku, ila rekodi ya rejista inabadilika, leo imeandikwa `Recruiting` mwezi ujao imeandikwa `Completed`, kwa hiyo unamwambia msomaji uliikuta siku gani.

Na hili la toleo kwenye rejista watu wengi hawalijui kabisa. Kule `ClinicalTrials.gov` juu ya rekodi kuna tabu ya `Record History`. Bonyeza, utakuta orodha ya kila mara rekodi ilipoguswa, na unaweza kuchagua mbili ukazilinganisha, kilichofutwa na kilichoongezwa vyote vinaonekana. Ukinukuu toleo la nyuma, tarehe kwenye refarensi iwe ya toleo hilo, sio ya leo, na kwenye sentensi useme wazi kuwa ni kama ilivyosajiliwa tarehe fulani.

Kwa nini ujisumbue na matoleo ya nyuma? Hapo ndo duara la tatu.

Nilisema TXA inapunguza vifo. Mwalimu akaniuliza vifo vipi? Nikasema vifo, si vifo tu. Akaniambia rudi kasome walipanga kupima nini, halafu soma walipata nini, ni vitu viwili. Mwanzoni jaribio la WOMAN lilipanga matokeo makuu yawe ni mchanganyiko: mama kufariki kwa sababu yoyote ile au kutolewa kizazi, ndani ya siku 42, na walipanga kuandikisha wanawake 15,000. Katikati ya safari wakagundua kitu ambacho mtu yeyote wa leba angekielewa haraka, kwamba uamuzi wa kutoa kizazi mara nyingi unafanyika dakika zilezile mama anapoingizwa kwenye jaribio, yaani tiyata inaandaliwa huku dawa inafunguliwa, sasa dawa itazuiaje kitu ambacho kimeshaamuliwa? Wakaongeza idadi hadi 20,000 ili waweze kuona athari kwenye vifo vya kuvuja damu. Haya yote wameyaandika wenyewe kwenye makala ya Lancet ya 2017, hawakuficha.

Matokeo sasa. Ule mchanganyiko wa kifo au kutolewa kizazi: 5.3% kwa waliopata TXA, 5.5% kwa waliopata plasebo. Hakuna tofauti ya maana. Vifo vya kuvuja damu peke yake: 1.5% dhidi ya 1.9%, hapo tofauti ipo. Na kwa waliopata dawa ndani ya masaa 3: 1.2% dhidi ya 1.7%, na hapo ndipo yale masaa matatu ya WHO yalipotokea.

Kwa hiyo sentensi yangu haikuwa uongo wa moja kwa moja ila ilikuwa imekata kona. Ilitakiwa iseme vifo vitokanavyo na kuvuja damu, na kwenye insha ya ngazi ya digrii ilitakiwa iseme pia kuwa matokeo makuu yaliyopangwa awali hayakuonesha tofauti. Kinachokuonesha hilo ni kuweka rejista na makala pembeni kwa pembeni. Rejista unainukuu kwa kile kilichopangwa, makala kwa kile kilichopatikana. Ukinukuu rejista kwa ajili ya matokeo wakati makala iliyopitiwa na wataalamu ipo, utaulizwa kwa nini, na ukinukuu makala tu hutajua kama mpango ulibadilishwa njiani. Ikiwa jaribio halijachapishwa popote, hapo rejista ndo uliyonayo, ila sentensi yako iseme jaribio "linaendelea" au "limekamilika bila makala" kutegemea na hali uliyoiona, usiandike kana kwamba kuna jibu.

Kuna kosa la upande wa pili pia ambalo nimeliona kwa wenzangu wa darasa, mtu ana gaidilaini ya WHO ambayo imetaja WOMAN, basi anaandika asilimia za jaribio na kuweka (WHO, 2017). Pendekezo ni la WHO, asilimia ni za jaribio. Zitenganishe, hata kama ni ndani ya sentensi moja: sehemu ya kwanza ipate nukuu yake na sehemu ya pili yake.

Sentensi yangu ilipotoka kwenye ukarabati ikawa ndefu kidogo, kwa Kiswahili ni hivi: WHO inapendekeza TXA ya mshipa ndani ya masaa 3 tangu kujifungua kwa kila mwanamke mwenye PPH pamoja na huduma ya kawaida (WHO, 2017), pendekezo lililofuata jaribio la WOMAN ambalo lilionesha upungufu wa vifo vitokanavyo na kuvuja damu, ingawa mchanganyiko wa kifo au kutolewa kizazi uliopangwa awali haukutofautiana (WOMAN Trial Collaborators, 2017). Mwandishi wa makala ni kundi, kwa hiyo unaandika jina la kundi kama lilivyo, huanzi kuchomoa majina ya watu mia.

Mwalimu akaipitisha. Halafu akageuza ukurasa akaweka duara la nne, dogo, kwenye aya yangu ya utangulizi, pale nilipoandika kuwa PPH ni damu kuanzia mililita 500 ndani ya masaa 24, na hapo pia nilikuwa nimeweka 2012. "Na hii?" Nikamwambia hiyo ni ya 2012 kweli, nimeisoma. Akasema sawa, ndivyo 2012 inavyosema, ila Oktoba 2025 WHO pamoja na FIGO na ICM, vyama vya kimataifa vya madaktari wa uzazi na wakunga, wametoa mwongozo mpya uliounganisha yote, na humo kwa aliyejifungua njia ya kawaida unaanza kuchukua hatua kwenye mililita 300 zilizopimwa kama mapigo au presha ya mama imeshaharibika, husubiri 500. Nukuu yangu ilikuwa sahihi, mwaka sahihi, mtoaji sahihi, toleo limepitwa. Nikaandika juu yake kwa penseli "fasili ya awali, WHO 2012", nikaongeza mstari wa 2025 chini yake, nikaenda kupanga foleni ya kuprinti upya.